Deni na Pato: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kukopa

Kwa somo la leo chukua kalamu, na karatasi yenye nafasi ya kutosha, maana tutagawanya na kuzidisha. Ikiwa umekaa na wenzako darasani, basi mmoja wenu aandike ubaoni, na wengine waisahihishe hesabu yake.

Leo tunajifunza hesabu moja tu. Inajibu swali hili: katika kila shilingi 100 zinazoingia mkononi mwako, shilingi ngapi tayari ni za watu unaodaiwa? Wakopeshaji hufanya hesabu hii kabla ya kukupa fedha zao. Afadhali uifanye wewe kwanza nyumbani, kabla hujakwenda kwao, kwa sababu yako mambo unayoyajua wewe ambayo wao hawayajui.

Hesabu yenyewe ina hatua tatu. Kwanza, jumlisha malipo yote ya madeni unayopaswa kulipa kwa mwezi mmoja. Angalia vizuri: hatujumlishi madeni mazima, tunajumlisha malipo ya mwezi mmoja. Pili, andika pato lako la mwezi huo mmoja. Tatu, gawa malipo kwa pato, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni kiasi kwa mia, au asilimia kama tunavyosema siku hizi.

Tuanze na mfano mwepesi wa mtu mwenye mshahara, maana pato lake halibadiliki. Tuseme pale Masuguru, upande wa Handeni na Korogwe, yuko mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na sheria inataka akatwe 15 kwa mia ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kwake yeye hiyo ni shilingi 90,000 kila mwezi. Deni jingine hana.

Tufanye hesabu. 90,000 ukigawa kwa 600,000, kisha ukazidisha kwa 100, unapata 15. Basi katika kila shilingi 100 za mwalimu huyu, 15 ni za deni.

Sasa anataka kununua pikipiki kwa mkopo. Mkopeshaji anamwambia atalipa shilingi 200,000 kila mwezi. Kabla ya kuweka sahihi, tunajumlisha deni la zamani na deni jipya: 90,000 na 200,000 ni 290,000. Gawa kwa 600,000, zidisha kwa 100. Jibu ni 48 na kidogo. Kutoka 15 mwalimu ataruka mpaka 48, yaani karibu nusu ya mshahara.

Je, mkopeshaji atakubali? Hapa lazima tuijue kanuni ya theluthi. Katika Tanzania, kwa watumishi wa serikali, makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ibaki, mtumishi aichukue nyumbani. Jambo hili lina msingi katika sheria ya mwaka 1970 iliyohusu kukata madeni katika mishahara ya watumishi. Jirani zetu wa Kenya nao wameweka kikomo kama hicho katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Ndiyo maana mtumishi akienda benki, huulizwa hati ya mshahara kabla ya jambo lolote jingine. Afisa wa mikopo anatazama theluthi.

Tutazame theluthi ya mwalimu wetu. Gawa 600,000 kwa 3, unapata 200,000. Hiyo ndiyo isiyoguswa. Madeni yake ni 290,000. Tuseme makato mengine ya lazima, yaani kodi, mfuko wa pensheni na bima ya afya, ni 78,000. Jumla ya makato yote ni 368,000. Toa katika 600,000, zinabaki 232,000. Hizo ni nyingi kuliko 200,000. Basi theluthi haikuguswa, na mkopeshaji anaweza kusema ndiyo.

Lakini ngoja kidogo, ndugu yangu. Kanuni ya theluthi inamwambia mwajiri mahali pa kusimama anapokata. Haikuambii kwamba theluthi moja itakutosha. Mwalimu huyu atalipa kodi ya nyumba, atanunua chakula, atatuma fedha kwa wazazi na atalipia mafuta ya hiyo pikipiki, yote katika 232,000. Mtoto akiugua, au rafiki akifiwa, atakopa tena, na safari hii atakopa kwa mtu asiyeuliza habari ya theluthi.

Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya mtu wa kawaida kipimo chenye usalama ni kidogo zaidi: malipo ya madeni yasizidi theluthi moja ya pato, yaani kama 33 kwa mia. Wakopeshaji wengi ulimwenguni hushika kiasi kilicho karibu na hicho, wengine wakifika 40 au kupita kidogo. Kule Marekani, kwa mfano, mwaka 2014 ilianza kanuni ya mikopo ya nyumba iliyoweka kikomo cha 43 kwa mia, ingawa baadaye kikomo hicho kiliondolewa. Basi ukipata 20, unapumua. Ukipata 33, umefika mlangoni. Ukipata 50, nusu ya jasho lako si yako tena.

Sasa tumwache mwalimu, twende kwa mama mmoja wa hapo hapo Masuguru asiye na mshahara. Huyu ndiye anayefanana na wengi wetu, na hesabu yake ni ngumu zaidi. Analima ekari tatu za mahindi, na asubuhi anapika chai na maandazi ya kuuza. Andika pato lake pamoja nami.

Maandazi kwanza. Kwa siku anauza shilingi 12,000. Usiandike 12,000! Hilo ndilo kosa la kwanza la watu wengi. Unga, sukari, mafuta na kuni vinakula shilingi 8,000. Pato lake ni kile kinachobaki, yaani 4,000. Kwa siku 25 za kazi katika mwezi, anapata shilingi 100,000.

Sasa mahindi. Tuseme mwaka mzuri anavuna magunia 24. Magunia 8 ni chakula cha nyumbani, magunia 16 anauza. Kila gunia ni shilingi 60,000, kwa hiyo anapata 960,000. Kulima, mbegu na palizi vimemgharimu 360,000. Linabaki pato la 600,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12, unapata 50,000 kwa mwezi.

Maandazi 100,000, mahindi 50,000, jumla ni 150,000 kwa mwezi. Hivyo ndivyo afisa wa mikopo atakavyoandika katika karatasi yake akimhoji.

Madeni yake je? Katika kikundi chake cha VICOBA anarudisha 20,000 kila mwezi. Tena kuna mchuuzi aliyempa kanga kwa mkopo, anamlipa 10,000 kila mwezi, na imebaki miezi minne. Jumla ni 30,000. Gawa kwa 150,000, zidisha kwa 100. Jibu ni 20. Si vibaya.

Sasa mama anataka mkopo wa shilingi 500,000, aulipe kwa miezi 10, ili ajenge kibanda cha chai na anunue meza. Mkopeshaji anatoza riba ya 3.5 kwa mia kila mwezi. Kiasi hicho ndicho kikomo ambacho Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wenye leseni ya kukopesha lakini wasiopokea akiba za watu. Riba inahesabiwa juu ya mkopo mzima, mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho. 3.5 kwa mia ya 500,000 ni 17,500. Sehemu ya mkopo wenyewe ni 50,000. Basi kila mwezi atalipa 67,500.

Jumlisha na madeni ya zamani: 67,500 na 30,000 ni 97,500. Gawa kwa 150,000, zidisha kwa 100. Jibu ni 65. Mlango tumeupita mbali.

Lakini hata hiyo 65 si kweli yote, na hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ile 50,000 ya mahindi haiingii kila mwezi. Tumeitengeneza sisi kwa kugawanya. Mahindi ya masika hupandwa mwezi wa tatu na huvunwa mwezi wa saba au wa nane. Mwezi wa pili mama hana gunia la kuuza. Ana maandazi tu, shilingi 100,000. Mkopeshaji naye hangoji mavuno, anataka 67,500 mwezi huo huo. Gawa tena: 97,500 kwa 100,000. Jibu ni 97 na nusu. Katika shilingi 100,000 za mwezi wa pili, mama atabakiwa na shilingi 2,500 za chumvi, sabuni na daftari za watoto.

Unaona, ndugu msikilizaji? Mtu mmoja, madeni yale yale, lakini jibu la kwanza ni 65 na la pili ni 97. Kama unaishi kwa jembe, piga hesabu yako kwa mwezi ulio mbaya kuliko yote. Mwezi wa mavuno hauhitaji kipimo, maana fedha ziko. Ni mwezi wa njaa ndio unaovunja ahadi.

Basi mama akope kiasi gani? Turudi nyuma. Theluthi ya 100,000 ni kama 33,000. Tayari analipa 30,000. Kwa hiyo nafasi yake leo ni 3,000 tu, na hapo hakuna mkopo wa maana. Akisubiri miezi minne, deni la kanga litakwisha, na nafasi yake itakuwa 13,000. Je, 13,000 inabeba mkopo gani? Mkopo wa 100,000 kwa miezi 10 una malipo ya 10,000, na riba ya 3,500, jumla 13,500. Umezidi kidogo, lakini unabebeka. Akiisha kumaliza na deni la VICOBA, nafasi inakua mpaka 33,000, naye anaweza kubeba kama 245,000. Tazama: kumaliza deni dogo kunafungua nafasi kubwa. Kibanda kitachelewa, lakini meza na mitungi ya chai itanunuliwa bila watoto kulala njaa.

Njia ya pili ni kutafuta mkopo unaolipwa baada ya mavuno. Tuseme mama amekopa 200,000 mwezi wa tatu kwa kulimia, alipe mara moja mwezi wa nane, kwa riba ile ile. Riba ya mwezi ni 7,000, na kwa miezi mitano ni 35,000. Atalipa 235,000. Mauzo yake ya mahindi ni 960,000. Gawa: ni kama 24 kwa mia, karibu robo ya mauzo. Hesabu inapendeza.

Lakini watu wa Handeni hawahitaji kuambiwa habari ya mvua. Fanya hesabu ya mwaka mbaya pia. Tuseme amevuna magunia 12. Chakula cha nyumbani bado ni magunia 8, maana matumbo hayapungui. Yanabaki 4 ya kuuza. Mwaka wa njaa bei hupanda, basi tuseme gunia ni 90,000. Anapata 360,000. Deni ni lile lile, 235,000. Gawa: ni 65 kwa mia. Na akivuna magunia 8 tu, hana hata moja la kuuza, na deni litalipwa kwa kuuza chakula, au mbuzi, au shamba. Kumbuka kwamba mavuno yalipungua kwa nusu, yaani kutoka 24 mpaka 12, lakini magunia ya kuuza yalipungua kwa robo tatu, kutoka 16 mpaka 4. Deni la mkulima linalipwa na ziada, na ziada ndiyo inayokufa kwanza.

Yamebaki mambo mawili ambayo hesabu ya mkopeshaji haiyaoni vizuri.

La kwanza ni madeni yasiyoandikwa. Mabenki ya Tanzania hupeleka habari za wakopaji katika kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni za taarifa za mikopo huzitumia kumwonyesha mkopeshaji kama unadaiwa kwingine na kama ulichelewa kulipa. Kwa hiyo kuficha deni la benki ni kazi bure, na ukigunduliwa utanyimwa. Lakini deni la kanga, la dukani, la ndugu, na mara nyingi la kikundi, halionekani humo. Afisa asipoliona, kipimo chake kitatoka kizuri, na mkopo utapewa. Atakayeumia ni wewe. Yaandike yote katika karatasi yako, hata kama hutaulizwa.

La pili ni kuchanganya akiba na uwezo. Katika SACCOS na VICOBA nyingi mwanachama anaruhusiwa kukopa mpaka mara tatu ya akiba au hisa zake. Akiwa na 200,000 anaambiwa, "Unaweza kukopa 600,000." Neno hilo "unaweza" lina maana ya kwamba chama kina dhamana ya kutosha. Halina maana ya kwamba pato lako litabeba malipo. Mara tatu ya akiba ni kipimo cha usalama wa chama. Kipimo cha usalama wako ni kile tulichofanya leo.

Na neno moja juu ya mikopo ya kila siku, ile ambayo watu wameiita kausha damu. Mtu anapewa 200,000, anaambiwa alipe 8,000 tu kwa siku, siku 30. Neno "tu" ndilo linalomnasa. Geuza malipo ya siku yawe ya mwezi kabla ya kugawanya: 8,000 mara 30 ni 240,000. Riba ni 40,000 kwa mwezi mmoja, yaani 20 kwa mia, na kikomo cha Benki Kuu tumekiona ni 3.5. Tena mama wetu anapata 4,000 kwa siku. Atatoa wapi 8,000? Atakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Ukiona umeanza kukopa ili ulipe deni, jua kipimo chako kimekwisha kupita 100, hata kama hujakipiga.

Haya, sasa zoezi. Nakili maswali haya, ukayafanye kabla ya somo lijalo.

1. Fundi cherehani anapata faida ya shilingi 180,000 kwa mwezi. Analipa 27,000 kwa SACCOS na 9,000 kwa duka la vitambaa. Kipimo chake ni ngapi kwa mia?

2. Fundi huyo anataka mkopo wa cherehani ya pili, wenye malipo ya 36,000 kwa mwezi. Kipimo kipya ni ngapi? Je, kimepita 33?

3. Miezi miwili kila mwaka wateja huwa wachache, naye hupata 90,000 tu. Piga tena hesabu ya swali la pili kwa miezi hiyo. Ungemshauri nini?

4. Chukua karatasi nyingine usiyoonyesha mtu. Andika pato lako la mwezi ulio mbaya kuliko yote mwaka uliopita. Andika malipo ya madeni yako yote, yenye hati na yasiyo na hati. Gawa, zidisha kwa 100.

Jibu la swali la nne halisahihishwi na mwalimu. Kama ni chini ya 33, toa malipo yako katika theluthi ya pato, na utaiona nafasi ya mkopo mpya. Kama ni zaidi, tafuta katika karatasi lile deni dogo linaloweza kumalizika kwanza, uanze nalo. Kwaheri, ndugu msikilizaji, mpaka somo lijalo.